Mzee Asiyekula: Namna ya Kumpa Chakula Kidogo Chenye Nguvu Nyingi

Maneno yangu ya leo ni juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, wala halitajwi sana, kwa kuwa watu hudhani kwamba ndivyo uzee ulivyo. Mzee huketi mbele ya sahani, akala matonge mawili au matatu, kisha akanawa mikono na kusema, "Nimeshiba, Alhamdulillahi." Watu wa nyumba huitikia, na sahani huondolewa. Miezi ikipita, kanga au shuka yake huzunguka mwili mara moja na nusu kupita zamani, na siku moja huanguka uani pasipo kujikwaa.

Napenda kuwaelezeni habari za bibi mmoja wa kijiji cha pwani, upande wa Tanga, kwa kuwa katika habari zake yamo karibu yote yatupasayo kujua. Bibi huyu alikuwa mjane wa miaka 74, akikaa kwa mwanawe pamoja na mkazamwana wake na wajukuu wanne. Kila siku ya kupikwa nyama alikuwa akitoa kipande chake na kumpa mjukuu mdogo. Watu wote walimsifu kwa upendo wake. Baadaye alianza kurudisha sahani ikiwa nusu, na hapo mwanawe akaona uchungu. Alidhani mama yake amesusa kwa sababu ya maneno fulani yaliyopita nyumbani, naye mkazamwana alijiona kwamba analaumiwa kwa upishi wake. Basi nyumba nzima ilianza kukaa kwa kununiana, kumbe hapakuwa na aliyekosa.

Nilipofika, yule mkazamwana alinitolea kadi ya zahanati. Mama mkwe wake alikuwa na kilo 46, na baada ya miezi mitatu alikuwa na kilo 42. Hapo palikuwa na neno la kuangaliwa. Mzee akipungukiwa na kilo moja katika kila kilo 20 za mwili wake kwa muda wa mwezi mmoja, au kilo moja katika kila 10 kwa muda wa miezi sita, pasipo yeye mwenyewe kutaka, huo si uzee mtupu. Ni dalili ya kwamba mwili unakula nyama yake wenyewe.

Mahali pasipo mizani, pana kipimo kingine. Twaa uzi, uupime sentimita 31 kwa rula ya mtoto wa shule, uukate hapo. Mzee na aketi, miguu ikiwa imekanyaga chini, kisha uzungushe uzi huo katika kigimbi, mahali palipo panene kupita pote. Ncha mbili za uzi zikipitana, kigimbi hakifiki sentimita 31, na yafaa mzee huyo apelekwe kwa mganga wa hospitali akaangaliwe. Lakini mguu uliovimba maji hudanganya, basi ubonyeze kwanza kwa kidole. Kama shimo la kidole likibaki, usiuamini uzi.

Sasa tuulize, kwa nini mzee hukosa hamu ya chakula? Katika uzee tumbo huchelewa kusukuma chakula kwenda chini, kwa hiyo mtu hushiba upesi na kukaa na shibe muda mrefu. Pua na ulimi navyo hupunguza ukali wao, hata mchuzi uliokuwa mtamu huonekana kama maji. Haya ni ya uzee wenyewe. Lakini yako mengine yanayotibika, nayo yatupasa kuyatafuta kabla ya kusema ni umri: choo kigumu kinachojaza tumbo, vidonda vya kinywani au utando mweupe juu ya ulimi, kifua kikuu, dawa fulani zinazotia kichefuchefu, na huzuni ya kufiwa. Mzee anayekunywa dawa za kila siku asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali azichukue zote, na vikopo vyake, ampelekee mganga amwulize ni ipi iondoayo hamu ya kula.

Yule bibi tulimwuliza maswali hayo, wala hatukupata jibu. Ndipo nikamwomba afungue kinywa. Magego ya chini yalikuwa yamekwisha yote isipokuwa moja, nalo lilikuwa limeoza na ufizi wake umevimba. Nilimwuliza, "Bibi, nyama unaitafunaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, siitafuni. Ndiyo maana nampa mtoto. Niliona haya kusema, wasije wakanipikia chungu cha peke yangu kama mgonjwa." Mkazamwana wake aliposikia hayo alishika kichwa, akasema, "Mama, nami nilidhani wakichukia chakula changu!"

Basi kumbukeni hayo. Mzee ambaye hawezi kutafuna mara nyingi hasemi. Hutoa nyama kwa watoto, huacha maganda ya maharagwe pembeni mwa sahani, huchovya kila kitu katika chai, hutafuna kwa upande mmoja, au hukaa na tonge shavuni muda mrefu. Ukiyaona hayo, usimwulize mbele ya watu kwa nini hali. Mwulize faraghani ni chakula gani kinachomwumiza.

Jambo la kwanza lilikuwa kumpeleka kung'olewa lile jino bovu, kwa maana hapana upishi uwezao kushinda maumivu ya jino. Mwenye meno ya kubandika naye aangaliwe, kwa kuwa mtu akikonda fizi hupungua, na meno yaliyomkaa vizuri huanza kucheza na kumchubua. Wasio na jino hata moja nao hupaswa kusafisha fizi na ulimi kila siku kwa mswaki laini au kitambaa safi kilicholoweshwa, kwani uchafu wa kinywa huharibu ladha ya chakula na huweza kushuka mapafuni ukaleta ugonjwa.

Jambo la pili lilikuwa uji. Yule bibi alipoacha nyama na ugali, alipewa uji mwepesi, maana huo haumsumbui kumeza. Hapa ndipo watu wengi wenye huruma hukosea. Kikombe cha robo lita cha uji mwepesi huwa na unga wa vijiko viwili vya chakula tu, na kilichobaki ni maji. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori, na kikombe kile kina kalori 65 hivi. Mwanamke wa kilo 42 huhitaji zipatazo 1,250 kwa siku. Kwa hiyo ingempasa anywe vikombe kumi na tisa, naye tumbo lake hujaa kwa kikombe kimoja! Maji ya uji humshibisha kabla unga haujamfaa. Tulipofanya hesabu ya vyote alivyokula kwa siku nzima, havikufika kalori 500.

Labda mtasema, "Uongezwe unga." Lakini unga ukiongezwa uji huwa mzito kama ugali, na mzee atashindwa tena. Dawa ya shida hii ni kimea, kile kile wanachotilia wenzetu wa Songea na Iringa katika togwa. Nafaka ikichipua hutoa kitu kinachoyeyusha wanga, na unga wake ukitiwa katika uji mzito huufanya kuwa mwepesi pasipo kuongeza maji. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg waliandika juu ya kutumia unga wa kimea katika uji wa watoto wachanga, ambao matumbo yao ni madogo. Shida ya mzee ni hiyo hiyo, na uji huo humfaa yeye pia.

Kimea hufanywa hivi. Twaa ulezi safi, uuoshe, uuloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji, utandaze ulezi juu ya gunia safi au ungo, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu, uuweke mahali pasipo jua. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili utaona vichipukizi vyeupe vifupi. Anika juani hata ukauke kabisa, uufikiche kwa mikono uondoe vichipukizi, upepete, kisha usage. Kimea chenye harufu ya uvundo au rangi ya ukungu kitupwe. Nami nasema ulezi, wala si mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina asili ya sumu, na asiyezoea kuvitengeneza asivijaribu.

Uji wa kikombe kimoja hupikwa hivi. Chukua vijiko vinne vya chakula vya unga wa mahindi, uvipike kwa nusu kikombe cha maji na nusu kikombe cha maziwa, hata uive na kuwa mzito sana. Uepue, uache upoe kwa muda wa dakika kumi. Sasa tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya muda mfupi mwiko utapita kwa wepesi, na uji utamiminika. Urudishe motoni uchemke dakika mbili au tatu, ili vijidudu vilivyotoka katika kimea vife. Mwisho tia kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini, na sukari kijiko kidogo. Karanga zilizonyauka au zenye ukungu usizisage, kwani zina sumu isiyoondoka kwa kupika.

Ukiona uji haukulainika, yaelekea kimea kilitiwa ukiwa bado unatokota. Moto mkali huua nguvu yake, kwa hiyo subira ya dakika kumi ndiyo siri ya kazi yote. Kikombe hiki kina kalori zipatazo 350, yaani zaidi ya mara tano ya kile cha kwanza, na kinamezeka vile vile.

Jambo la tatu ni kulainisha chakula cha nyumba yote, ili mzee asipikiwe peke yake. Yule bibi alitaka kula wanachokula wengine, na haja hiyo ni ya haki. Kanuni yetu ilikuwa hii: chungu ni kimoja, ila fungu lake hupita kwenye kinu au chujio kabla ya kupakuliwa. Maharagwe yalilowekwa usiku, yakapikwa hata yakapondeka, kisha fungu lake likasuguliwa katika chujio ili maganda yabaki juu, likatiwa tui zito. Samaki alichambuliwa kwa vidole mara mbili, kwa ajili ya miiba, akapondwa pamoja na mchuzi wake. Nyama ilipakwa papai bichi lililopondwa nusu saa kabla ya kupikwa, kwa maana utomvu wa papai hulainisha nyama, kisha ikapikwa na kutwangwa kinuni. Wali ulipikwa mashendea. Dagaa wakavu walichambuliwa, wakakaangwa pasipo mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa, na kijiko cha unga wao kilitiwa katika mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Angalieni kwamba katika kila tonge laini palitiwa kitu cha kujenga mwili, yaani samaki, yai, maharagwe, karanga au maziwa, na kitu chenye mafuta, kama tui. Kuponda viazi na maji matupu hulainisha, lakini humrudisha mzee katika njaa ile ile ya uji mwepesi.

Jambo la nne ni saa za kula. Milo mitatu mikubwa ilikuwa ikimshinda, basi ikagawanywa kuwa sita midogo. Alfajiri alipata kikombe cha uji wa kimea. Saa nne, ndizi mbivu iliyopondwa na nusu kikombe cha mtindi. Adhuhuri, mashendea ya tui na samaki, kiasi cha kikombe kimoja. Alasiri, yai lililochemshwa likapondwa, pamoja na chai iliyopikwa kwa maziwa. Magharibi, maharagwe yaliyochujwa na kiazi kitamu. Kabla ya kulala, nusu kikombe cha uji wa kimea uliopikwa papo hapo. Hesabu ya siku ilipita kalori 1,250 kidogo, wala hakuna mlo uliozidi kikombe kimoja. Maji alikunywa kati ya milo, si kabla yake, ili yasimjaze tumbo. Lakini asinyimwe maji, kwa sababu ukavu huleta choo kigumu, nacho huondoa hamu. Kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito, chakula kilitiwa ndimu, tangawizi na bizari, si chumvi nyingi. Na kila mlo palikuwa na mtu wa kuketi naye, hata kama ni mtoto, kwa kuwa mzee alaye peke yake hula kidogo.

Sasa nionye mahali ambapo haya hayatoshi, au hayafai. Mzee mwenye kisukari asitiliwe sukari, na uji wa kimea kwake uulizwe hospitali kwanza, kwa kuwa wanga uliolainishwa hugeuka sukari upesi. Yeye huongezewa nguvu kwa yai, karanga na tui. Mwenye ugonjwa wa figo apimiwe na mganga kiasi cha vyakula vya kujenga mwili. Mtu aliyekaa siku tano au zaidi karibu pasipo kula asishibishwe kwa ghafula, maana mwili uliokwisha kuzoea njaa huweza kudhurika kwa chakula kingi cha mara moja. Apelekwe hospitali, na aanziwe kidogo kidogo.

Tena, kushindwa kutafuna si sawa na kushindwa kumeza. Mzee akipaliwa mara kwa mara anapokunywa maji, au sauti yake ikiwa kama yenye maji baada ya kula, au akipata homa ya kifua mara kwa mara, shida yake haiko katika meno. Chakula kinapotea njia na kuingia upande wa mapafu. Huyo asilazimishwe kula wala asinyweshwe akiwa amelala. Aketishwe wima, apewe kijiko kidogo, abaki ameketi nusu saa baada ya kula, na apelekwe hospitali upesi. Vivyo hivyo chakula kikikwama kifuani, au kukiwa na damu katika choo, au kikohozi cha wiki mbili, au kukonda kukiendelea ingawa anakula, msingoje.

Mtauliza habari za yule bibi. Wiki mbili za kwanza mizani haikusogea, na mwanawe alitaka kukata tamaa. Nilimwambia kwamba kusimama kwa kilo ndiyo habari njema ya kwanza, kwa sababu kuanguka kumekoma. Baada ya wiki nane alikuwa na kilo 43 na nusu, naye aliweza kwenda kisimani na kurudi pasipo kupumzika njiani. Magego hayakurudi, na ziko siku ambazo huacha mlo mmoja kati ya sita. Lakini siku za nyama hampi mjukuu kipande chake tena. Kinu huletwa barazani, yule mjukuu ndiye hutwanga, na bibi humwambia, "Twanga vizuri, mume wangu, leo nala nawe."

Basi, wasikilizaji wangu, usiku huu mtakapoondoa sahani ya mzee wenu, itazameni kwanza. Alichokiacha huwaambia alichokishindwa. Kwa herini.